Kesi noti ya Dina Management: hoja kwa hoja, hoja moja, ama mlolongo wa kesi?

Mdogo wangu yuko mwaka wa 2 wa sheria hapa Mombasa na juzi kanipigia saa nne usiku analalamika, "Kaka, hii hukumu nimeisoma mara mbili, nimepiga mstari karibu kila mahali, na bado sijui naanza wapi." Kosiwaki yenyewe ni kesi noti ya maneno 1500, uamuzi mmoja wa rufaa, uuchambue kwa jicho la ukosoaji, basi. Lekchara hakusema uipange vipi. Na hapo ndipo watu wengi wanakwama, si kwenye kusoma, ni kwenye kuchagua umbo la noti yenyewe, manake kuna njia kama tatu ambazo wanafunzi hutumia na zote zinaweza kukupa maksi nzuri ama zikuangushe vibaya.

Nitazilinganisha kwa kesi ileile aliyopewa yeye, maana kulinganisha hewani hakusaidii mtu. Kesi ni Dina Management Limited dhidi ya Kaunti ya Mombasa na wenzake watano, Mahakama ya Juu, 21 Aprili 2023, ukiitafuta kwenye Kenya Law andika [2023] KESC 30 (KLR).

Kwa ufupi ilikuwa hivi. Kuna ploti Nyali, upande wa pwani, MN/I/6053. Mwaka wa 1989 ilipewa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Ikatoka kwake ikaenda kwa kampuni ya Bawazir, kisha Dina Management wakainunua. Mwaka wa 2017 kaunti ikaingia na kubomoa ukuta, ikisema hapo ni mahali pa umma na watu wanatakiwa wapite wafike baharini. Dina wakaenda mahakamani na hati yao mkononi. Walishindwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakashindwa Mahakama ya Rufaa, na Mahakama ya Juu nayo ikawaambia kwamba ardhi ile ilikuwa imetengwa kama uwanja wa wazi, ugawaji wa kwanza haukufuata utaratibu, kwa hivyo mgawiwa wa kwanza hakuwa na kitu cha kumpa Bawazir, na Bawazir hakuwa na kitu cha kumpa Dina. Ukiongeza na ibara ya 40(6) ya Katiba, inayosema ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria, rufani ikatupwa.

Sasa kabla ya kulinganisha, vigezo. Mimi naangalia vinne tu. Kwanza maneno 1500 yanaishia wapi, pili unahitaji kusoma nini zaidi ya hukumu yenyewe, tatu ukosoaji unatokea sehemu gani ya noti, na nne njia hiyo ikiharibika inaharibika vipi na wewe mwenyewe utajuaje kabla hujawasilisha.

Njia ya kwanza: hoja kwa hoja

Hii ndiyo wengi wanaianza bila kufikiria. Unaeleza ukweli wa kesi, historia yake kwenye mahakama za chini, halafu unachukua kila suala ambalo mahakama ililiuliza, unasema mahakama ilijibu nini, na chini ya kila jibu unaweka maoni yako.

Maneno yanaishia kwenye maelezo, hilo ndilo tatizo lake kubwa. Ukweli wa kesi ya Dina una watu wengi, miaka mingi, na kila mmoja anakushawishi umtaje. Ukitumia 300 kwa ukweli, 150 kwa mahakama za chini, kisha kila suala ukalipa 250 za kueleza, ukosoaji unabaki na vijineno vya mwisho mwisho. Mimi ningeweka dari: ukweli na historia yote visizidi 300 kwa pamoja, na chini ya kila suala maoni yawe marefu kuliko maelezo. Ukishindwa kutimiza hilo jua masuala uliyochagua ni mengi, punguza yawe mawili. Hakuna sheria inayosema lazima uguse kila kitu mahakama ilichogusa.

Kusoma, unahitaji hukumu na angalau zile mbili za chini, basi. Hii ni njia rahisi kwa mtu asiye na muda. Lakini zile za chini usiziruke, manake huu ni uamuzi wa rufaa, na rufaa ni malalamiko dhidi ya hukumu fulani. Mtu asiyejua mrufani alilalamikia nini hasa hataona mahakama ilijibu swali lililoulizwa ama ilijibu jingine.

Ukosoaji unatokea vipande vipande, kila suala na chake. Faida yake ni kwamba hata ukikosea mahali pamoja, mahali pengine umepata maksi. Hasara ni kwamba vipande havijengani, msomaji anamaliza hajui wewe unasema nini kwa jumla.

Ikiharibika inaharibika kwa kuwa muhtasari. Mimi mwenyewe ya kwanza niliyoandika ilirudi na wino mwekundu pembeni, paragrafu baada ya paragrafu, neno lilelile: "Kwa hivyo?" Nilikuwa nimeandika vitu kama, "Mahakama ilisema mnunuzi alipaswa kuchunguza zaidi. Uamuzi huu ni mzuri kwa sababu unalinda ardhi ya umma." Hiyo sentensi ya pili inaonekana maoni lakini si maoni, ni makofi. Unaweza kuibandika kwenye kesi yoyote ya ardhi Kenya na ikakaa. Kipimo ninachotumia siku hizi: nafuta kila sentensi inayoanza na "mahakama ilisema" kisha nasoma kilichobaki, na kikibaki chini ya nusu ya noti basi najua nimefupisha sikuchambua.

Njia ya pili: hoja moja uichimbe

Hapa unachagua sehemu moja ya hukumu inayokukereketa na noti nzima inaizunguka. Hii nitaikalia zaidi manake ndiyo inayohitaji kuonyeshwa, ukiambiwa tu "tafuta hoja" unabaki unaangalia ukuta.

Kwa Dina mimi ningechukua hili. Mahakama ilisema mambo mawili kuhusu mnunuzi. La kwanza, kwamba ardhi ya ufuoni ni kitu cha kutamaniwa na kila mtu, na kwa hivyo mnunuzi alipaswa kuwa mwangalifu zaidi anapochunguza, yaani hakutosha kuwa na hati tu, ilibidi aangalie mzizi wake. La pili, kwamba mgawiwa wa kwanza hakuwa na haki halali ya kuhamisha. Sasa kaa nayo kidogo. Kama la pili ni kweli, la kwanza lina kazi gani? Tuseme Dina wangefanya kila kitu, wangefanya sachi, wangeenda ofisi ya mipango, wangetafuta ramani za zamani za ugawaji, wangeuliza majirani, na bado wasione kasoro. Je wangeshinda? Kwa maneno ya hukumu inaonekana la, kwa sababu huwezi kupewa kitu ambacho mwenzako hakuwa nacho. Basi mbona mahakama inatuambia habari ya uangalifu?

Hapo ndipo unaleta kile kipimo cha reshio, yaani sababu inayobeba uamuzi, walichotufundisha: chukua kauli ya mahakama, igeuze kinyume, uone kama matokeo yangebadilika. Geuza "mnunuzi hakuwa makini" iwe "mnunuzi alikuwa makini sana", matokeo yabaki yaleyale, kwa hivyo kauli ile inaonekana kuwa obita, kauli ya pembeni tu. Geuza "ugawaji wa kwanza haukuwa halali" iwe "ulikuwa halali", matokeo yanabadilika, kwa hivyo hiyo ndiyo reshio.

Lakini usiishie hapo, na hapa ndipo maksi za juu zinakaa. Kile kipimo kina udhaifu unaojulikana: mahakama ikitoa sababu mbili, kila moja ikitosha peke yake kuangusha rufani, kipimo kitakwambia zote mbili si reshio kwa sababu ukigeuza moja ile nyingine inashikilia matokeo. Kwa hivyo lazima useme wewe unaisomaje hukumu. Ni sababu mbili zinazojitegemea, ama moja ni msingi na nyingine ni pambo? Chagua, na utoe paragrafu za hukumu kwa namba zake kuunga mkono. Mwenzako akichagua upande wa pili na akaonyesha paragrafu zake mnaweza kupata maksi sawa.

Tena kuna matokeo ya kila siku yanayotegemea jibu lako, hii si mchezo wa maneno. Kama uangalifu ni sehemu ya reshio, wakili anayemshauri mtu anayenunua ploti Kisauni leo anaweza kumwambia ukichunguza hivi na hivi uko salama. Kama si sehemu ya reshio, anatakiwa amwambie ukweli, kwamba hata ukichunguza ukachoka, kasoro ya 1989 inaweza kukupata. Na hapo swali linalofuata linajileta lenyewe: huyu aliyechunguza akachoka anafidiwa na nani? Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ina kifungu cha 81 kuhusu fidia kwa aliyeumia kwa sababu ya marekebisho ya rejista, na hakimlipi aliyechangia kwa ulaghai ama uzembe wake. Unaona sasa ile kauli ya uangalifu inaweza kuwa na kazi nyingine kabisa, sio kuamua hati ni ya nani bali nani anastahili fidia. Mimi hiyo ningeifanya ndiyo hoja ya noti.

Kwa vigezo vyetu basi. Maneno: ukweli 150, historia 80, hukumu yenyewe 250, na zaidi ya 900 zote ni zako. Kusoma: hukumu unaisoma polepole sana lakini nje yake unahitaji vichache, Sheria ya Usajili wa Ardhi hasa kifungu cha 26 na cha 80 na 81, Katiba ibara ya 40, labda makala moja ama mbili. Ukosoaji: uko kila mahali, hadi kwenye ukweli wa kesi, kwa sababu unachagua ukweli unaohusu hoja yako tu. Ule ukuta uliobomolewa kwa mfano ningeutaja kwa sentensi moja, haunisaidii.

Ikiharibika inaharibika kwa namna mbili. Moja, hoja yenyewe haimo kwenye hukumu, umeiota. Unaijua kwa kujiuliza naweza kuonyesha paragrafu gani ambapo mahakama ilisema ninachoipinga? Kama huna namba, huna hoja. Ya pili, umegeuka wakili wa Dina, unamtetea mnunuzi ukurasa mzima hujawahi kusema mahakama ingejibu nini. Lekchara atakuuliza, na ardhi ya umma je? Watu wanaotaka kufika baharini je? Weka angalau paragrafu moja unayoisema hoja ya mahakama kwa nguvu zote kama wewe ndiye jaji, kisha ndipo uijibu.

Njia ya tatu: mlolongo wa kesi

Hapa unaichukua Dina kama kituo kimoja njiani. Ilitoka wapi, iliwasili na nini, na baada yake kumetokea nini.

Mlolongo wenyewe ni mtamu kwa kweli. Mwaka wa 2013 Mahakama ya Rufaa, kwenye Munyu Maina dhidi ya Hiram Gathiha Maina, ilikuwa tayari imesema kwamba mzizi wa hati ukipingwa haitoshi kuipunga hati hewani, lazima uonyeshe ulivyoipata kihalali. Mwaka huohuo mahakama hiyohiyo, kwenye kesi ya Charles Karathe Kiarie, ikaipa hati iliyosajiliwa chini ya ile sheria ya zamani ya usajili wa hati nguvu kubwa, kwamba aliyesajiliwa hatikiswi ila kwa ulaghai alioshiriki mwenyewe. Mwaka wa 2015 ikaja Arthi Highway Developers dhidi ya West End Butchery, na hapo matapeli waliouza ardhi ya mtu binafsi walisemwa hawawezi kumpitishia mnunuzi chochote hata awe hana hatia. Kisha Dina Aprili 2023, na miezi mitano baadaye, 22 Septemba 2023, Torino Enterprises, Mahakama ya Juu tena, ikasema barua ya ugawaji peke yake haipitishi umiliki.

Swali zuri la njia hii: Dina ilibadilisha nini? Arthi ilikuwa ardhi ya mtu binafsi iliyoibwa, Dina ilikuwa ardhi ya umma iliyogawiwa vibaya. Je, ni kanuni moja ama mbili zinazofanana sura? Kwenye Arthi kuna mwenye mali halisi aliyeibiwa na unamwona, kwenye Dina mwenye mali ni umma, na aliyeitoa mali ni serikali yenyewe, ileile ambayo mnunuzi anategemea rejista yake. Ukilibana hilo una noti.

Maneno yanagawanyika: Dina yenyewe 500 hivi pamoja na ukweli, kesi nyingine kila moja 100 hadi 150 na zisizidi nne, zilizobaki ni za kulinganisha. Kusoma ndiko kuzito kuliko njia zote, manake lazima uzisome kesi zenyewe. Ukiitegemea Dina ikuambie Munyu Maina ilisema nini, unasoma kwa miwani ya Dina na huwezi kuona kama iliinukuu sawa. Wakati mwingine kosa bora la kulikosoa liko hapo hapo, kesi ya zamani ilikuwa na ukweli tofauti na mahakama haikusema.

Ukosoaji unatokea kwenye viungo, kati ya kesi na kesi. Na hapo hapo ndipo inapoharibika: inakuwa treni, behewa baada ya behewa, "kisha mahakama ikasema, kisha ikaja kesi ya", na Dina inapotea kwenye kosiwaki inayomhusu Dina. Kipimo chake ni kuhesabu tu jina la Dina linatokea mara ngapi kwenye nusu ya pili ya noti. Kama kurasa mbili zimepita hujaitaja, umeandika historia ya sheria ya ardhi, ambayo hukuulizwa.

Sasa ya nani ni ipi

Kama dedilaini ni kesho kutwa na hukumu umeimaliza leo, nenda hoja kwa hoja lakini masuala mawili tu, lile la ardhi kuwa ya umma na lile la mnunuzi mwenye nia njema. Usijidai njia ya tatu, hutazisoma kesi zote na itaonekana.

Kama una wiki mbili, na ulipokuwa ukisoma kuna mahali ulisimama ukasema "ala, lakini...", hapo hapo ndipo hoja yako, chukua njia ya pili. Kama umesoma hukumu yote hukusimama popote, usilazimishe hoja, utaikopa kwa mwenzako na lekchara atakutana nayo mara sita kwenye rundo moja.

Kama karatasi ya maelekezo inataja "maendeleo ya sheria" ama "nafasi ya uamuzi huu", hiyo ni njia ya tatu inaitwa kwa jina. Pia inamfaa aliyefanya kesi za hati mwaka jana na ana noti zake tayari.

Kama maksi zimegawanywa kwenye karatasi, mathalan 30 za maelezo na 70 za uchambuzi, kwanza fuata mgawo huo kwa maneno, na hapo hoja kwa hoja inakuwa na shida kidogo kufikisha 70. Kama hazijagawanywa, muulize lekchara swali moja tu darasani: anataka masuala yote ya hukumu ama unaruhusiwa kuchagua. Jibu lake linafuta njia moja ama mbili papo hapo.

Na kuchanganya? Unaweza, kwa mpangilio mmoja ninaoujua unaokaa kwenye maneno 1500: njia ya pili iwe mwili, na kesi moja tu ya njia ya tatu iingie pale hoja yako inapohitaji mwenza. Mdogo wangu ndivyo alivyofanya mwishowe, hoja ni ile ya uangalifu na fidia, mwenza ni Arthi. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na maneno 2340 na ukweli wa kesi peke yake ulimeza 610. Tulikaa kibarazani tukakata ukuta, tukakata tarehe za uhamisho zisizosaidia kitu, na alipotaka kuibakisha paragrafu ya jinsi Nyali ilivyo pazuri nikamwambia dadangu, mahakama ishasema, wewe inakuhusu nini. Akaipunguza ikawa sentensi moja, na akaipeleka kwenye hoja ya uangalifu, mahali inapofanya kazi.